Plasta ipi kwa lengelenge la kisigino? Maswali tunayoulizwa mara kwa mara dukani, Ngamiani, Tanga

Ninauza dawa Ngamiani. Msimu wa harusi ukifika, Jumapili asubuhi huwa naijua mapema: watu wanaingia wakichechemea, kiatu kimoja kimevaliwa, kingine kimeshikwa mkononi. Wote wanasema neno moja, "plasta", kana kwamba ni kitu kimoja. Rafuni ziko za aina tatu na kila moja ina kazi yake. Lengelenge la kisigino ndilo linaloonyesha tofauti hizo waziwazi, kwa hiyo hapa nitalizungumzia hilo zaidi. Mikato na michubuko mingine nitaigusa pale inapotaka plasta nyingine.

Nipe plasta tu. Kwani zinatofautiana nini?

Plasta ya kawaida ni ukanda wenye gundi, katikati una kipande kidogo cha kitambaa kinachofyonza damu na majimaji. Kazi yake ni kuzuia uchafu na msuguano kwa muda mfupi. Hubadilishwa kila siku, na kila inapolowa. Iangalie vizuri: pembeni, pale kitambaa kinapokaribia ukingo, gundi ni nyembamba au haipo kabisa. Maji hupenya hapo.

Plasta ya kuzuia maji ina ngozi nyembamba ya plastiki, mara nyingi angavu, na gundi imezunguka pande zote nne za kitambaa. Plastiki hiyo ni maalumu. Maji hayapiti kuingia, lakini mvuke wa jasho unaweza kutoka polepole. Ndiyo maana haifanani na mfuko wa nailoni uliofungwa kwa uzi kidoleni, ambao unafungia jasho lote ndani.

Ya tatu ni haidrokoloidi. Wengine huiita plasta ya jeli, wengine plasta ya malengelenge. Hii haina kitambaa katikati. Ni pedi nene kidogo, rangi ya asali au ya maziwa yaliyochujuka, na ukiibonyeza ni kama raba laini. Ndani yake kuna chembechembe za selulosi, jelatini na pektini (hii pektini ndiyo inayofanya jemu igande) zilizochanganywa na gundi. Zikikutana na maji ya kidonda zinavimba na kuwa jeli. Bei yake ni mara kadhaa ya plasta ya kawaida, lakini moja hukaa siku kadhaa.

Mteja akiuliza achukue ipi, mimi humuuliza kwanza: kidonda kinatoa nini, na kiko mahali gani? Kinachotoa damu, kinachotoa maji kidogo na kilichokauka havitaki plasta moja. Kisigino kinachosuguliwa na kiatu na kidole kinachoshinda kwenye maji ya samaki navyo hivyo hivyo.

Lengelenge linatokeaje? Kiatu hakikunikata kabisa.

Ni kweli, hakikukata. Unapotembea, mfupa wa kisigino unakwenda huku ngozi ya nje ikiwa imegandamana na soksi au kiatu. Ngozi inavutwa huku na huku mamia ya mara, na tabaka zake za juu zinaachana kwa ndani. Ile nafasi inajaa majimaji. Ngozi yenye unyevu hugandamana na kiatu zaidi kuliko kavu, na hapa kwetu kwa joto hili la pwani, mguu ndani ya kiatu cha kufunika unalowa jasho baada ya dakika chache. Ndiyo maana mtu anayevaa kandambili wiki nzima akivaa viatu vipya vya ngozi Jumamosi moja tu anarudi na malengelenge mawili.

Chini ya ngozi iliyoinuka kazi inaanza mara moja. Ndani ya siku mbili tabaka jipya linaonekana, na kwa kawaida siku ya 5 hivi ngozi ngumu ya juu imeshaanza kurudi. Plasta haiponyeshi lengelenge. Inakupa siku hizo 5 bila msuguano na bila uchafu.

Nilitoboe au nisilitoboe?

Kama ni dogo na haliumi sana, liache. Ile ngozi ya juu ni kinga bora kuliko chochote nilicho nacho rafuni. Liwekee plasta ya kawaida yenye kitambaa kipana au haidrokoloidi, kisha vaa viatu vya wazi.

Kama ni kubwa, limejaa, linauma kila hatua na huna budi kutembea, litapasuka lenyewe ndani ya kiatu, tena vibaya. Hapo kulitoa maji kwa utaratibu ni afadhali. Nawa mikono kwa sabuni. Osha lengelenge na eneo lake. Tumia sindano mpya ya dukani iliyo ndani ya pakiti yake. Mwiba wa mlimau na pini ya hijabu viache, hata kama umevichoma moto. Toboa pembeni kabisa, karibu na ngozi nzima, tundu moja au mawili, kisha kandamiza taratibu kwa gozi safi mpaka maji yatoke. Usiikate wala kuibandua ile ngozi. Ilaze irudi mahali pake, kausha, funika. Sindano isitumiwe na mtu mwingine.

Maji ya lengelenge yanapaswa kuwa meupe ya kuona ndani au yenye unjano hafifu. Yakiwa na damu kidogo, nalo hutokea pale msuguano ulipokuwa mkali, hilo usilitoboe. Yakiwa mazito na ya rangi ya maziwa au kijani, huo ni usaha, na haidrokoloidi haifai hapo.

Ngozi imeshabanduka, nyama nyekundu iko nje. Nifanye nini?

Hapa ndipo haidrokoloidi inapostahili bei yake. Nitaeleza kwa kisa cha dada mmoja aliyekuja dukani Jumapili saa tatu asubuhi.

Jumamosi alivaa viatu vipya vya kufunika, akaenda kwa miguu kutoka Ngamiani mpaka Raskazone kwenye shughuli, akarudi kwa miguu usiku. Kisigino cha kulia kilikuwa na lengelenge la upana wa sentimita 2 hivi. Alilipasua kwa kucha, akavuta ngozi, nusu ikabanduka. Akapaka dawa ya meno, akaweka plasta ya kawaida. Asubuhi kitambaa cha plasta kilikuwa kimegandamana na kidonda, na alipokivuta kikatoka na ngozi changa iliyoanza kuota. Kilikuwa kinamchoma na kutoa majimaji mepesi. Hakukuwa na usaha wala joto la kuzunguka, na alipobonyeza pembeni hapakuuma. Kidonda kilikuwa safi. Hana kisukari. Nikamwambia hiki kinafaa.

Tulikiosha kwa maji safi yanayotiririka mpaka dawa ya meno ikaisha yote, sabuni kwenye ngozi ya kuzunguka tu. Kile kipande cha ngozi kilichobaki tulikilaza, hatukukivuta. Kisha tukakausha. Nasisitiza kukausha kwa sababu hapo ndipo wengi wanapoharibu: gundi ya haidrokoloidi haishiki kwenye ngozi yenye unyevu au mafuta. Dada huyu alikuwa amejipaka mafuta ya nazi miguuni kama kawaida yetu, ikabidi tuoshe kisigino mara mbili. Tukasubiri dakika 5 ngozi ikauke kwa hewa.

Nikachagua plasta ya jeli ya urefu wa sentimita 7 hivi kwa 4. Lazima izidi kidonda kwa sentimita 1 au 2 kila upande ili gundi ishike ngozi nzima. Ukichukua inayotosha kidonda tu, jeli itafika ukingoni siku hiyo hiyo na itavuja. Aliishika katikati ya viganja vyake dakika moja ili ipate joto, maana ikipoa ni ngumu na haifuati umbo la kisigino. Tukavua karatasi bila kugusa gundi, tukaiweka kuanzia katikati kwenda pembeni bila mkunjo, akaifunika kwa kiganja na kuikandamiza dakika nyingine moja. Mkunjo mmoja tu ukiachwa, kiatu kitaukamata na kuibandua yote.

Alipona maumivu papo hapo kwa sababu mishipa ya fahamu iliyokuwa wazi ilifunikwa na kitu laini chenye unyevu. Jumatatu alinipigia akiwa na hofu. Nitaeleza kwa nini kwenye swali linalofuata. Jumatano ukingo mmoja ulikuwa umeinuka na kitu kama utelezi kilitoka, akaja tukaitoa. Kidonda kilikuwa kimepungua mpaka nusu. Tukaosha, tukakausha, tukaweka ya pili. Hiyo ilikaa mpaka Jumapili ikabanduka yenyewe bafuni. Chini yake kulikuwa na ngozi mpya, nyepesi, rangi yake bado ni ya waridi kuliko ya pembeni. Plasta mbili, siku 7. Wiki iliyofuata alivaa makubazi tu, kwa sababu ngozi ya namna hiyo huchubuka upesi.

Plasta ya jeli imevimba, ndani kumekuwa kweupe. Si usaha huu?

Hii ndiyo simu ya Jumatatu. Uvimbe mweupe katikati ya plasta ni chembechembe zile zimekunywa maji ya kidonda na kuwa jeli. Ni dalili kwamba inafanya kazi. Iache. Ukiitoa mapema unaanza upya, na unapoteza pesa.

Hata utakapoitoa kwa wakati wake utakuta utelezi wa njano au wa kahawia, tena una harufu kidogo. Hilo linawatisha wengi. Osha kwa maji safi kwanza, halafu ndipo uangalie. Utelezi wa plasta unaondoka wote, na chini yake kidonda ni chekundu, safi, hakiumi zaidi ya jana. Usaha hauondoki hivyo: unarudi, unanuka hata baada ya kuosha, na ngozi ya pembeni imevimba, ina joto, inauma ukiigusa.

Kinachotaka kubadilishwa mara moja ni plasta iliyovuja. Uweupe ukifika ukingoni na utelezi ukatoka nje, tayari kuna njia, na njia ya kutokea ni njia ya kuingilia.

Si kidonda kinatakiwa kipate hewa kikauke?

Bibi zetu wengi walitufundisha hivyo, na kwa kidonda kichafu kisichofunikwa vizuri walikuwa na sababu. Lakini kwa mchubuko safi sivyo. Mwaka 1962 mtafiti George Winter alichapisha majaribio aliyoyafanya kwa nguruwe, ambao ngozi yao inafanana na yetu kwa mengi. Vidonda vidogo vilivyofunikwa kwa plastiki nyembamba viliota ngozi kwa kasi ya karibu mara mbili ya vilivyoachwa vikauke na kufanya kigaga.

Sababu yake ni rahisi kuiona. Ngozi mpya huota kwa kutambaa kutoka ukingoni kwenda katikati. Kidonda kikiwa na unyevu, inateleza juu yake moja kwa moja. Kikiwa na kigaga kikavu, inabidi ipite chini ya kigaga hicho, njia ndefu zaidi. Unyevu ninaosema ni ule wa maji ya mwili wenyewe. Ngozi ya pembeni ikiwa nyeupe na kukunjamana kama vidole vya mtu aliyefua siku nzima, huo ni unyevu uliozidi: itoe plasta, acha pakauke nusu saa, kisha weka nyingine inayokaa vizuri.

Ninaitoaje bila kulia?

Haidrokoloidi na ile angavu ya kuzuia maji haziinuliwi kwenda juu. Inua kona moja, kisha uivute sambamba na ngozi, kama unavyonyoosha mpira, huku kidole cha mkono mwingine kikishika ngozi. Gundi inaachia yenyewe kadiri plasta inavyorefuka. Plasta ya kawaida iliyogandamana na kidonda iloweshe kwa maji safi ya uvuguvugu dakika 5 mpaka 10. Mafuta ya nazi yanasaidia kulainisha gundi pembeni, ila yaoshe yote kabla ya kubandika nyingine.

Ninatawadha mara tano kwa siku. Plasta itadumu?

Hili ni swali la haki kabisa hapa Tanga, na maelezo ya kwenye boksi hayaligusi. Plasta ya kawaida kisiginoni italowa tangu Alfajiri, na ikishalowa inakaa na maji machafu juu ya kidonda mpaka Isha. Ukiwa nayo ibadilishe kila inapolowa, au chukua ya kuzuia maji. Haidrokoloidi iliyobandikwa vizuri inastahimili maji ya kupita. Kinachoiharibu ni kusuguliwa ukingoni kwa taulo. Kausha kwa kugusagusa.

Ama hukumu ya kupaka maji juu ya plasta au bandeji badala ya kuosha ngozi yenyewe, ipo katika fiqhi na ina masharti yake. Muulize shehe wako, mimi naishia kwenye gundi.

Ninauza samaki, nimejikata kidole kwa kisu. Nipewe ya jeli?

Hapana, mama. Mkato mpya unatoa damu, na haidrokoloidi haizuii damu. Kandamiza kwa gozi au kitambaa safi dakika 10 mfululizo, mkono umeinuliwa, bila kuchungulia. Kila ukichungulia unavunja damu iliyoanza kuganda. Ikisimama, osha kwa maji yanayotiririka, kausha, weka plasta ya kuzuia maji yenye gundi pande zote nne. Kama mkato uko kwenye kiungo cha kidole, chukua yenye umbo la herufi H au ile ya ncha ya kidole, kwa sababu ukanda wa kawaida hufunguka kila unapokunja.

Juu yake vaa glovu. Wanaofanya kazi soko la samaki pale Deep Sea mikono inashinda kwenye barafu na maji ya chumvi, na hakuna plasta itakayoyavumilia hayo tangu alfajiri hadi adhuhuri peke yake. Kazi ikiisha toa plasta, osha kwa maji baridi safi, weka nyingine kavu ya kulala nayo. Kama unahudumia chakula, tafuta plasta za rangi ya buluu: karibu hakuna chakula chenye rangi hiyo, kwa hiyo ikidondoka kwenye sufuria inaonekana.

Mkato unaoachama, unaoonyesha mafuta au nyama ya ndani, au unaofanya kidole kife ganzi au kisikunjike, unahitaji kushonwa. Usiufunge kwa plasta ukangoja kesho. Nenda leo.

Nimekatwa na matumbawe nikioga baharini. Ya kuzuia maji si ndiyo yenyewe?

Siyo mwanzoni. Matumbawe huacha vipande vidogo ndani ya mchubuko, na maji ya bahari yenye joto yana bakteria wake, wakiwemo wa jamii ya vibrio wanaoweza kuleta maambukizi makali kwa haraka. Ukifungia hayo chini ya plasta isiyopitisha kitu kwa siku 5, hutaona kinachoendelea. Osha kwa maji mengi safi yasiyo ya bahari, toa chembe kwa kibano kilichochemshwa, na weka plasta ya kawaida au gozi unayoifungua asubuhi na jioni kwa siku 2 za mwanzo. Ikiwa safi baada ya hapo, chagua unayotaka. Ikianza kuvimba na kuuma kwa kasi, au yakitokea malengelenge ya zambarau pembeni, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Mwenye ugonjwa wa ini au kisukari asingoje hata dalili hizo.

Vile vibandiko vidogo vya chunusi vinafaa kwa lengelenge?

Vingi ni haidrokoloidi ileile, ila ni vyembamba na vidogo. Kwa mchubuko wa ukubwa wa punje ya mchele kidoleni vinaweza kusaidia. Kisiginoni vitaondoka na soksi kabla hujafika kituo cha daladala. Vyenye dawa ya chunusi ndani yake usiviweke kwenye kidonda wazi.

Nipake spiriti kwanza, au GV?

Spiriti na haidrojeni peroksaidi hazichagui. Zinaua vijidudu pamoja na chembe changa za ngozi zinazojaribu kuota. Ule mchomo unaouita dawa kufanya kazi ni chembe zako zinaumia. Kwa lengelenge na mchubuko mdogo, maji safi yanatosha. GV inakausha na inaficha rangi ya kidonda, kwa hiyo hatutaona kama kinabadilika. Na chochote utakachopaka, iwe vaselini, asali au krimu, haidrokoloidi haitashika juu yake. Ukitaka kutumia vaselini, sawa, lakini funika kwa gozi au plasta ya kawaida.

Nina kisukari. Nichukue ipi?

Kwa kidonda cha mguu, hakuna nitakayokuuzia kabla hujaonwa. Kisukari kinaweza kupunguza hisia za mguu, hivyo kutouma hakumaanishi kupona, na plasta ya kukaa siku nyingi inaficha kidonda kinachochimba chini. Funika kwa gozi safi kavu uende kliniki leo au kesho asubuhi, hata kama ni lengelenge dogo. Nawaambia hivi wateja wangu wote, na wengine wananikasirikia.

Malengelenge yaliyotokana na maji ya moto je?

Mwagia maji baridi yanayotiririka dakika 20, bila barafu, bila dawa ya meno, kisha funika kwa kitu safi kisichogandamana. Likizidi ukubwa wa kiganja cha mwenye kuungua, au likiwa usoni, mikononi, miguuni au sehemu za siri, ni la hospitali. Na malengelenge yaliyojitokeza yenyewe bila msuguano wala moto, hasa yaliyojipanga upande mmoja wa mwili kama mkanda wa jeshi, si kazi ya plasta yoyote.

Nitajuaje kwamba kimeingia vijidudu?

Vitabu vingi vinasema tazama wekundu. Kwa ngozi yetu nyeusi wekundu mara nyingi hauonekani. Unaona weusi uliozidi, rangi ya zambarau, au ngozi inang'aa kwa kuvutika. Kwa hiyo tumia mkono. Weka mgongo wa kiganja pembeni ya kidonda, kisha kwenye mguu mwingine mahali palepale, ulinganishe joto. Chora ukingo wa uvimbe kwa kalamu ya wino usiku; asubuhi ukiwa umevuka mstari, unasambaa.

Maumivu nayo yanasema. Lengelenge la kawaida linauma zaidi siku ya kwanza kisha linapungua. Likipungua halafu likapanda tena siku ya 3, kuna jambo. Ukiona usaha, homa, mstari unaopanda mguuni, au mtoki umevimba kwenye kinena upande uleule, toa plasta ya aina yoyote, osha, funika kwa gozi, uende kituo cha afya. Usije kwangu kununua vidonge viwili vya antibaiotiki.

Pepopunda ni jambo jingine, haingoji usaha. Vijidudu vyake vinaishi kwenye udongo na samadi. Kidonda kikiwa kimeingia udongo, au umechomwa na msumari au mwiba, na chanjo yako ya mwisho imepita miaka 5 au huikumbuki, kaombe chanjo. Kina mama wengi wamechanjwa wakiwa wajawazito. Wanaume ndio mara nyingi hawajui walichanjwa lini.

Nina harusi Jumamosi na viatu vipya. Naweza kuzuia kabla?

Unaweza, na ni rahisi kuliko yote ya hapo juu. Vaa viatu hivyo nyumbani nusu saa kila jioni kuanzia Jumatatu. Utajua vinagusa wapi: utahisi joto kabla ya maumivu. Ijumaa usiku, ukishaoga na kukauka, bila mafuta, bandika mahali hapo haidrokoloidi au tepu ya karatasi, ile wanayotumia hospitali kushikilia gozi. Ukilala nayo usiku kucha gundi inashika vizuri kuliko ukibandika huku gari linapiga honi nje. Ukiwa njiani ukahisi lile joto, simama ubandike saa hiyo.

Naweza kukata plasta kubwa nikapata mbili?

Haidrokoloidi ndiyo, kwa mkasi safi, ila zungusha kona zote ziwe duara kwa sababu kona kali ndiyo inayonaswa na soksi. Kipande kilichobaki kirudishe kwenye pakiti yake, ukitumie siku chache zijazo kwa ngozi isiyo na jeraha tu, maana hakina usafi wa mwanzo tena. Ya kuzuia maji yenye kitambaa katikati usiikate: ukiikata umeondoa gundi upande mmoja, na umebaki na plasta ya kawaida uliyoinunua kwa bei ya juu.